Thamostati ya mshipa, ya dijitali au ya PID: ipi ufunge kwenye oveni ya mikate

Chukua oveni ya umeme ya trei nne, yenye koili tatu za kilowati 2 kila moja, kwenye bekari ndogo ya aina unayoweza kuikuta Isevya au Kiloleni hapa Tabora. Thamostati yake imekufa, au haikuwahi kuwa nayo tangu ilipochomelewa, na fundi anauliza afunge ipi. Ya kwanza ni ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye bomba jembamba la shaba linaloingia ndani ya oveni. Humu nitaiita ya mshipa. Ya pili ni kisanduku cha dijitali kinachowasha na kuzima. Ya tatu inafanana na ya pili kwa sura, lakini inapima nguvu ya kutoa badala ya kuwasha yote au kuzima yote, na ubavuni imeandikwa PID.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa mikate ya kawaida, ya pili inatosha kabisa, mradi sensa imekaa mahali pake. PID inastahili fedha zake kwenye oveni nyepesi na kwenye keki. Ya mshipa siidharau hata kidogo, na kuna bekari ambayo ningeifungia hiyo bila kusita. Lakini kabla ya kuchagua, ni lazima ieleweke kazi ambayo zote tatu zinaifanya, kwa sababu wengi hununua ya ghali wakitegemea iponye ugonjwa usio wake.

Kazi iliyo moja kwa zote

Thamostati haijui lolote kuhusu mkate, mlango, wala umeme. Inajua joto la pale ilipo sensa yake, inalilinganisha na joto ulilopanga, na kwa tofauti hiyo inaamua koili ziwake au zizime. Matokeo ya uamuzi huo yanabadilisha joto, joto linarudi kwenye sensa, na mzunguko unaanza upya. Huo ndio mrejesho: kifaa kinasahihishwa na matokeo ya kazi yake mwenyewe.

Faida yake inaonekana vizuri jioni, umeme unapopungua nguvu. Koili inayopewa volti 190 badala ya 230 haipungui kwa sehemu ndogo kama unavyoweza kudhani, kwa sababu nguvu yake inafuata mraba wa volti. Ukigawanya 190 kwa 230 na kuzidisha jibu kwa lenyewe unapata takriban 0.68. Oveni ya kilowati 6 imekuwa oveni ya kilowati 4.1.

Sasa tuseme kuishikilia kwenye nyuzi 200, mlango ukiwa umefungwa, kunahitaji wastani wa kilowati 2.4 kufidia joto linalopotea kupitia kuta. Umeme ukiwa mzima, thamostati itaacha koili ziwake asilimia 40 ya muda. Umeme ukishuka, itaziacha ziwake karibu asilimia 59 ya muda, bila mtu kugusa kitu, na mkate hautajua kilichotokea. Oveni yenye swichi ya hatua tatu tu, kidogo, wastani na kubwa, haina uwezo huo. Swichi hiyo inatoa nguvu iliyopangwa bila kuuliza joto limefika wapi, na jioni hiyo mikate inatoka myeupe.

Mrejesho una mpaka wake, lakini. Ukiingiza trei nne za donge baridi kwa mpigo jioni hiyo, oveni inaweza kutaka kilowati 5, na hizo hazipo. Hapo thamostati yoyote, hata ya bei gani, itawasha koili moja kwa moja na kubaki inasubiri. Kwa hiyo tazama taa ya koili kabla ya kulaumu thamostati. Taa ikiwaka muda wote na joto halifiki, tatizo ni nguvu: umeme mdogo, au koili moja kati ya tatu imekatika. Taa ikiwaka na kuzima huku joto likiyumba, sasa ndio tuzungumze thamostati.

Ya mshipa

Mwishoni mwa bomba lile la shaba kuna kifuko cha chuma chenye ukubwa wa kalamu fupi, kimejaa mafuta. Oveni ikipata joto, mafuta yanapanuka, yanasukumwa kupitia bomba hadi kwenye kiwambo chembamba nyuma ya kitufe, na kiwambo kinabonyeza swichi ndogo. Utaisikia: ka! Koili zinazima. Ukizungusha kitufe unaisogeza swichi karibu na kiwambo au mbali nacho, na huko ndiko kupanga joto. Wazo hili ni kongwe kuliko umeme wa majumbani. Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza tanuri la namna hii Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1600, pombe kali ikipanuka na kusukuma zebaki, na zebaki ikipunguza hewa inayoingia kwenye moto.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji umeme ili ifikiri. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hakuna kitu cha kielektroniki cha kuungua. Ubaya wake ni pengo kati ya joto la kuzima na joto la kuwasha tena. Swichi ile imetengenezwa iruke kwa nguvu ili isitoe cheche, na ili iruke inahitaji tofauti fulani. Kwa thamostati za oveni tofauti hiyo mara nyingi ni kati ya nyuzi 5 na 15.

Unaweza kulipima pengo hilo mwenyewe kabla ya kulipa. Tumbukiza kifuko kwenye sufuria ya maji yanayochemka, thamostati ikiwa haijaungwa umeme popote, subiri dakika chache. Zungusha kitufe polepole kwenda juu hadi usikie mlio, soma namba. Kisha rudisha chini polepole hadi mlio wa pili, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo pengo. Namba ya kushuka ndiyo inayotakiwa kulingana na joto la maji. Ikiwa tofauti ni 25, irudishe dukani.

Kwa nini joto linayumba kuliko pengo lenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme umefunga ya mshipa yenye pengo la nyuzi 10, ukapanga 200. Kwa hesabu ya haraka ungesema oveni itatembea kati ya 190 na 200. Weka kipimajoto cha oveni katikati ya trei utaona kingine. Joto linafika 200, swichi inakata, lakini koili bado ni nyekundu na bati la ndani limebeba joto; linaendelea kupanda hadi 212. Kisha linashuka hadi 190, swichi inawasha, lakini koili zimepoa na zinahitaji muda kuwa nyekundu tena. Joto linateremka hadi 182 kabla ya kugeuka. Pengo la 10 limezaa mwendo wa nyuzi 30. Nyuzi 20 kati ya hizo hazikutoka kwenye thamostati. Zimetoka kwenye kuchelewa: kuchelewa kwa koili kupoa na kuwaka, na kuchelewa kwa sensa kuhisi kinachotokea.

Sasa badilisha, ufunge ya dijitali yenye pengo la nyuzi 2. Ukiacha sensa palepale, kule kupitiliza kwa 12 juu na 8 chini kutabaki karibu vilevile, na mwendo utakuwa nyuzi 22. Umepata nafuu, lakini si ile uliyolipia. Mwokaji mmoja wa kike aliniuliza swali ambalo wengi wanalo: "Kaka, kisanduku kinaandika 200 saa zote, mbona trei ya nyuma inaungua?" Sensa yake ilikuwa imepitishwa kwenye tundu lililo karibu na mlango, kwa sababu tundu lilikuwepo tayari. Pale mlangoni palikuwa na nyuzi 200 kweli. Nyuma, karibu na koili, palikuwa juu zaidi, na thamostati haikuwa na njia ya kujua.

Mahali pazuri pa sensa ni pale hewa inapofika baada ya kupita kwenye mikate, kama sentimita 3 hadi 5 kutoka ukutani, usawa wa trei ya kati, bila kugusa bati wala kuitazama koili ana kwa ana. Ikikaa karibu mno na koili itakata mapema, na mkate utatoka mweupe, ndani ukiwa mbichi. Ikigusa ukuta itasoma joto la ukuta, na ukuta hupanda na kushuka taratibu kuliko hewa, hivyo kuyumba kutaongezeka. Feni ndogo ya oveni inayozungusha hewa husaidia zaidi ya kubadilisha thamostati, kwa sababu inaleta habari kwenye sensa haraka na inasawazisha trei ya juu na ya chini. Nikipewa bajeti ya kununua kimoja kati ya PID na feni, kwa oveni isiyo na feni, nachukua feni.

Ya dijitali ya kuwasha na kuzima

Hii inatumia sensa ya waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, thamokapo ya aina ya K. Ncha ikipata joto, waya hizo hutoa umeme mdogo sana, kama sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila nyuzi, na kisanduku kinausoma. Ncha yake ni ndogo kuliko kifuko cha mafuta, kwa hiyo inahisi mabadiliko mapema, na hilo peke yake linapunguza kupitiliza. Pengo unalipanga mwenyewe. Nyuzi 2 au 3 zinatosha, ukiweka 0.5 utafanya kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa kwa umeme, ipige bila kupumzika na mkate hautaona tofauti.

Kontakta nimeitaja kwa sababu ni ya lazima. Koili tatu za kilowati 2 kwenye volti 230 zinavuta jumla ya ampea 26. Rilei iliyomo ndani ya kisanduku haiwezi kubeba hizo. Kazi yake ni kuamrisha kontakta, na kontakta ndiyo ibebe koili. Hata ya mshipa, ambayo nyingi zimeandikwa ampea 16, haitakiwi kubeba koili zote tatu peke yake. Ukiona plastiki ya nyuma ya thamostati imebadilika rangi kuwa ya kahawia, mtu aliruka hatua hii.

Kuna kisanduku kimoja ambacho kinauzwa sana na si cha oveni: STC-1000. Sensa yake inaishia nyuzi 99. Nakitaja kwa uzito kwa sababu sura yake inavutia, bei yake ni ndogo, na muuzaji akiulizwa "kidhibiti joto" hukileta hicho. Kina mahali pake pazuri kwenye bekari hiyohiyo, nitafika.

PID

PID haiulizi tu kama joto liko chini au juu ya ulilopanga. Inauliza maswali matatu, na kila moja linaingia kwenye hesabu ya nguvu.

Swali la kwanza: tupo mbali kiasi gani? Tuseme umepanga 200 na kisanduku kimepewa eneo la nyuzi 20 chini yake. Chini ya 180 kinatoa nguvu yote. Kikifika 190 kinatoa nusu. Kikifika 200 kinatoa sifuri. Inaonekana safi, mpaka ukumbuke kwamba oveni yetu inahitaji asilimia 40 ya nguvu ili isipoe. Asilimia 40 inapatikana kwenye nyuzi 192. Oveni itatulia hapo, kimya, nyuzi 8 chini ya ulichopanga, na haitapanda kamwe.

Ndiyo maana kuna swali la pili: tumekuwa chini kwa muda gani? Kisanduku kinajumlisha upungufu huo dakika baada ya dakika, na jumla ikikua kinaongeza nguvu, hadi zile asilimia 40 zinatoka kwenye jumla na joto linasimama 200 penyewe. Usiku umeme ukipungua na mahitaji yakawa asilimia 59, jumla inakua tena mpaka ifike hapo.

Swali la tatu: tunakwenda kwa kasi gani? Anayeshuka mteremko na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa hasubiri afike chini ndipo ashike breki. Kisanduku nacho, kikiona joto linapanda haraka, kinapunguza nguvu kabla ya kufika 200, na kule kupitiliza kwa nyuzi 12 kunaweza kushuka hadi 2 au 3.

Kwa kisanduku kinachopatikana sana, REX-C100, huna haja ya kukokotoa namba hizo. Unabonyeza `SET` kwa sekunde kadhaa, unatafuta `ATU`, unaiweka 1, na kinajipima chenyewe kwa kuwasha na kuzima oveni mara chache kikitazama inachelewa kiasi gani. Fanya hivyo trei zikiwa ndani, joto likiwa lile unalookea. Ukikipima oveni ikiwa tupu, kitajifunza oveni tupu.

Lakini PID inadai kitu ambacho nyingine mbili hazidai. Haiwezi kutoa asilimia 40 ya umeme moja kwa moja; inawasha na kuzima ndani ya kipindi kifupi, ambacho kwenye REX-C100 kinaonekana kama `T`. Kipindi kikiwa sekunde 20, asilimia 40 ni sekunde 8 kuwaka na 12 kuzima. Hizo ni mara 180 kwa saa. Kwa siku ya kuoka saa 8 ni mara 1,440. Miguso ya rilei yenye uhai wa mara 100,000 ikibeba mzigo wake kamili itamaliza uhai huo ndani ya siku 69. Ya kuwasha na kuzima, ikibadilika mara 10 kwa saa, inafanya mara 80 kwa siku, na uhai uleule unapita miaka mitatu.

Kwa hiyo PID ya oveni inaendana na rilei isiyo na miguso inayosogea, ile iliyoandikwa `SSR`, na `T` inawekwa sekunde 2. Hakikisha pia kisanduku chenyewe ni cha aina inayotoa ishara ya SSR, kwa sababu REX-C100 zipo za rilei na zipo za SSR, na nje zinafanana. SSR ikipitisha ampea 26 inatoa joto la wati 30 hivi, hivyo inafungwa juu ya bati nene la alumini lenye mapezi, likiwa mahali penye hewa. Kuifunga ndani ya ubavu wa oveni ni kuiua.

Kwa ufupi wa jedwali

| | Mshipa | Dijitali | PID na SSR |
|---|---|---|---|
| Kuyumba katikati ya oveni, sensa ikiwa vizuri | nyuzi 20 hadi 30 | nyuzi 10 hadi 20 | nyuzi chache |
| Umeme unaoyumba na kukatika | hauisumbui | inahitaji kinga | inahitaji kinga |
| Kinachokufa kwanza | bomba la shaba | miguso ya kontakta | SSR |
| Fundi wa mtaani kuitengeneza | rahisi | wastani | mpaka aijue |

Namba za mstari wa kwanza ni za oveni ya bati yenye uzito wa wastani. Oveni yenye sakafu ya matofali inabeba joto jingi na inayumba kidogo hata kwa ya mshipa, na ndiyo sababu tanuri la matofali linasamehe mengi.

Zinavyokufa

Hapa ndipo ningependa msomaji asiruke, kwa sababu zote tatu zinaweza kufa vibaya.

Bomba la ya mshipa likipinda kwa kona kali au kutoboka, mafuta yanavuja, kiwambo hakisukumwi tena, na swichi inabaki imewashwa. Oveni inapanda bila breki. Dalili yake ni kitufe ambacho ukikizungusha hadi chini kabisa oveni ikiwa ya moto husikii mlio. Thamokapo iliyofungwa kinyume, chanya kwenye hasi, inasoma joto likishuka kadiri oveni inavyopanda, na kisanduku kinazidi kuwasha. Washa dakika moja tu baada ya kufunga na utazame namba inaelekea wapi. Thamokapo iliyochomoka na kuning'inia nje ni mbaya zaidi, kwa sababu inasoma joto la chumba kwa utulivu kabisa na hakuna kosa linaloandikwa. Iliyokatika si tatizo kubwa, visanduku vingi huonyesha kosa na kuzima. Na SSR, tofauti na wanavyodhani wengi, ikifa mara nyingi hubaki imeunganisha. Kisanduku kinaandika "zima", taa yake imezima, koili zinawaka.

Dawa ni moja kwa zote: thamostati ya pili ya mshipa, ya usalama, iliyopangwa kama nyuzi 280, ambayo ikikata hairudi mpaka mtu abonyeze kitufe chake. Iungwe ikate kontakta kuu, isiwe kwenye njia ya ishara ya SSR. Ina maana mwenye PID anahitaji kontakta pia, juu ya SSR. Hiyo gharama iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Chumba cha kuumulia

Mikate hiyohiyo kabla ya oveni inahitaji chumba cha joto la nyuzi 35 hivi ili hamira ifanye kazi, na usiku wa Juni na Julai Tabora unaposhuka hadi kama nyuzi 15, donge linagoma. Hapa STC-1000 ndiyo mahali pake. Hita ya kilowati 1, `F1` iwe 35, `F2` iwe 1: itawasha ikishuka chini ya 34, itazima ikifika 35. PID hapa ni kupoteza fedha. Chumba kinabadilika taratibu, donge lenyewe ni zito na haliitikii nyuzi moja ya hewa, na hita ndogo haina joto jingi la kupitiliza. Weka sensa usawa wa trei ya kati, mbali na hita na mbali na mvuke wa sufuria.

Uamuzi wangu kwa oveni tatu

Mikate na skonzi kwenye oveni ya bati ya trei nne, mjini: dijitali ya kuwasha na kuzima, thamokapo ya K, kontakta, thamostati ya usalama. Pengo nyuzi 3. Kama fedha zimebaki, feni.

Keki za oda, hasa sponji na zile zinazookwa nyuzi 160 kwa muda mrefu, kwenye oveni ndogo nyepesi: PID na SSR. Oveni nyepesi inapitiliza sana kwa sababu nguvu ya koili ni kubwa ukilinganisha na uzito wa bati, na keki inayopanda kisha kushuka katikati haisameheki kama mkate. Hapo ile tofauti ya nyuzi 20 unaiona kwa macho.

Bekari inayotegemea jenereta, au iliyo mbali ambako kisanduku kikiungua wiki nzima hupita kabla kingine hakijafika: ya mshipa, mbili, moja ya kazi na moja ya usalama, na kontakta. Mwokaji azoee kupanga nyuzi 200 akitaka wastani wa takriban 190 na kitu, baada ya kupima katikati ya trei ni wapi oveni yake inatembea. Akishajua, mkate wake utakuwa sawa kila siku.

Kuhakiki baada ya kufunga

Usikubali kazi mpaka sensa ipimwe, na hapa kuna jambo la Tabora hasa. Wengi huchemsha maji, hutumbukiza thamokapo, na kutaka isome 100. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka karibu nyuzi 96. Kigoma, kando ya ziwa, ni kama 97. Kisanduku kinachosoma 96 Tabora kiko sahihi. Fundi akikilazimisha kisome 100 kwa kuongeza 4 kwenye `SC`, mpangilio wa kusahihisha usomaji wa sensa, oveni itakuwa nyuzi 4 chini ya inachoandika tangu siku hiyo. Kikisoma 100 ndio kina kosa, na `SC` iwekwe `-4`.

Kipimo cha maji hakithibitishi kila kitu hadi 200. Baada ya hapo weka kipimajoto cha oveni katikati ya trei ya kati, acha oveni ifike na kutulia nusu saa, kisha andika namba ya juu kabisa na ya chini kabisa unazoziona ndani ya mizunguko mitatu ya taa. Fanya hivyo tena mikate ikiwa ndani. Zikitofautiana na za kisanduku kwa zaidi ya nyuzi 10, mwambie fundi asogeze sensa kwanza, kabla hajagusa mpangilio wowote.